Ziara kwa video ya nyuzi 360: Mwongozaji atamwitaje mtazamaji aliyegeukia kwingine?

MWONGOZA watalii anayewatembeza wageni katika magofu ana silaha moja ambayo haikosi: anawaona. Akianza kueleza habari za mihrabu na kukuta nusu ya wageni wamegeukia bahari, hunyamaza kidogo, huwangoja, huwaita tena, kisha huendelea. Maelezo yake hayapotei hewani.

Mwongozaji huyo huyo akirekodiwa katika video ya nyuzi 360 hunyang'anywa silaha hiyo. Mtazamaji wake yupo Dar es Salaam, Mombasa au Maskati, miezi sita baadaye, simu mkononi au miwani ya uhalisia pepe usoni, na ndiye anayeamua atazame wapi. Mwongozaji anaweza kutaja jambo kubwa kuliko yote katika ziara nzima wakati mtazamaji anaangalia kunguru juu ya ukuta. Hakuna wa kumngoja.

Katika filamu za kawaida tatizo hili halipo, kwa kuwa mwelekezaji hukata picha na kumwonyesha mtazamaji kile tu anachotaka kionekane. Video ya nyuzi 360 haina kingo. Kinachobaki mkononi mwa mtengenezaji ni mambo matatu: mahali anapoweka tendo, wakati anapotamka maneno, na upande ambao sauti inatokea. Makala haya yanaeleza namna mambo hayo matatu yanavyopangwa, kwa kutumia mahali pamoja panapojulikana: Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani.

Picha isiyo na fremu

Kamera ya kawaida ya nyuzi 360 ina lenzi mbili zilizopeana mgongo. Kila lenzi hunasa zaidi ya nusu ya mazingira, kisha programu huziunga picha hizo mbili kuwa tufe moja. Tufe hilo huhifadhiwa likiwa limenyooshwa kuwa mstatili ambao upana wake ni mara mbili ya kimo chake, kama ramani ya dunia ya ukutani: upana ni nyuzi 360 za kuzunguka, na kimo ni nyuzi 180 kutoka utosini hadi miguuni.

Mtazamaji hauoni mstatili wote. Kwa wakati mmoja huona kipande cha nyuzi 90 hivi kwa upana, yaani robo ya mzunguko. Kamera inayorekodi pikseli 5,760 kwa upana humpa mtazamaji takriban pikseli 1,440 tu katika kipande hicho. Ndiyo maana mtu aliyesimama mita 10 kutoka kwenye kamera, ambaye katika video ya kawaida angetambulika vizuri, hapa huwa kijidoa kisicho na uso. Mwongozaji anayetaka kuonekana akinyoosha kidole sharti awe karibu, baina ya mita 1.5 na mita 3.

Ukaribu nao una mpaka. Pale picha za lenzi mbili zinapokutana pana mshono, na mshono huo hudanganya kwa vitu vya karibu. Mtu akipita hapo akiwa chini ya mita moja kutoka kwenye kamera, bega lake huweza kukatika au uso kuwa na pua mbili. Kwa hiyo kamera huwekwa ili lenzi moja imtazame mwongozaji moja kwa moja, na mshono uangukie upande usio na tendo la karibu.

Mwaka 2017 YouTube ilitoa takwimu za namna watu wanavyotazama video za aina hii. Ilisema watazamaji walitumia asilimia 75 ya muda wao ndani ya nyuzi 90 za mbele, yaani pale video inapofungukia. Wapo waliosoma takwimu hizo na kuhitimisha kwamba nyuzi 270 zilizobaki hazina kazi. Tafsiri iliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba mtu hageuki bila sababu. Asiyepewa sababu ya kugeuka hubaki alipo, na aliyepewa sababu hugeuka.

Mfano mzuri ni filamu fupi ya "The Displaced", iliyotolewa na gazeti la New York Times Novemba 2015, mwezi ambao gazeti hilo liliwagawia wasomaji wake zaidi ya miwani milioni moja ya karatasi ngumu. Filamu hiyo inawafuata watoto watatu waliofukuzwa na vita, mmoja wao wa Sudan Kusini. Katika tukio moja ndege inakuja kudondosha magunia ya chakula. Ngurumo ya ndege husikika, watu wanaoonekana wanainua macho, na mtazamaji naye huinua ya kwake. Hakuna aliyemwambia "tazama juu". Ameambiwa na sauti na na macho ya watu wengine, na amepewa muda wa kutii kabla ya magunia kuanguka.

Mahali pa kazi: Kilwa Kisiwani

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Msikiti Mkuu una sehemu mbili zinazotofautiana sana. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi, na leo haina paa. Sehemu ya kusini ni kubwa zaidi. Iliongezwa katika karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Sehemu hiyo ilijengwa upya katika karne ya 15, na ndiyo yenye nguzo nyingi, matao na makuba ya mawe ya matumbawe na chokaa.

Kilwa ina bahati moja ya kijiografia inayomfaa sana mtengenezaji wa ziara. Mji huo upo karibu longitudo ya 39.5 mashariki, na Makka ipo karibu longitudo ya 39.8. Kibla cha Kilwa, kwa hiyo, ni karibu kaskazini kabisa. Anayeijua kibla anaijua dira nzima ya msikiti, na hili ndilo litakalotuokoa na neno baya kuliko yote katika kazi hii.

Neno hilo ni "kushoto". Msimulizi akisema "upande wako wa kushoto utaona mihrabu", anazungumza kama mtu anayejua msikilizaji ameelekea wapi. Hajui. Kushoto kwa aliyetazama mashariki ni kaskazini, na kushoto kwa aliyetazama magharibi ni kusini. Sentensi moja hiyo huwapeleka watazamaji wawili pande mbili zinazopingana, na wote wawili hudhani wao ndio waliokosea.

Maneno yanayofaa ni yale yanayoshika kitu kisichohama: upande wa kibla, upande wa bahari, palipo na mbuyu, ukuta usio na paa, nilipo mimi. Kiswahili kina akiba nzuri hapa. "Hapa" aseme mwongozaji anayegusa kitu, "pale" aseme anayekinyooshea mkono. Hata hivyo, "pale" bila mkono unaoonekana ni neno tupu, kwa kuwa mtazamaji asiyemwona msemaji hana pa kuanzia.

Tukio la kwanza: sehemu isiyo na paa

Tuseme kamera imesimamishwa katikati ya sehemu ya kaskazini, juu ya fimbo moja nyembamba, lenzi zikiwa sentimita 150 kutoka ardhini. Kimo hicho hakikuchaguliwa ovyo. Kamera ikiwekwa mita mbili juu, mtazamaji hujihisi anaelea na watu wote huwa wafupi. Ikiwekwa chini ya mita moja, hujihisi mtoto. Lenzi moja imetazama kibla, ya pili imetazama kusini, na mishono imeangukia mashariki na magharibi.

Video inafungukia upande wa kibla, mihrabu ikiwa katikati ya picha. Mwongozaji yupo ndani ya robo hiyo ya mbele, amesimama kulia kwa mihrabu, mita mbili na nusu kutoka kwenye kamera. Lakini hasemi kitu bado.

Ukimya huo ni wa makusudi. Mtu anayefunguliwa mlango wa mahali pageni huzungusha shingo kwanza, na hakuna msimulizi awezaye kumzuia. Maneno yanayotamkwa katika sekunde hizo yatasikika bila kusikilizwa. Mpango wa kawaida ni kuacha sekunde saba hadi kumi za mazingira matupu: upepo, ndege, hatua za miguu. Baada ya hapo mtazamaji amekwisha ridhisha hamu yake na sasa anatafuta kitu cha kufuata.

Ndipo mwongozaji anaposogea hatua moja na kusema: "Karibuni. Mimi nipo upande wa kibla, karibu na mihrabu." Sentensi hiyo haina habari yoyote ya historia. Kazi yake ni kuita tu. Aliyekuwa ametazama kusini ana sekunde nne za kugeuka, na akikosa sentensi hiyo hajakosa kitu. Habari yenyewe, kwamba sehemu hii ndiyo ya kale kuliko ile ya pili, huja baada ya sekunde hizo nne. Utaratibu ni huu daima: kwanza mwito, halafu nafasi, halafu habari. Makosa mengi katika ziara za aina hii ni habari kutamkwa ndani ya mwito wenyewe.

Ni vema kulinganisha maandishi mawili ya tukio hili. La kwanza: "Mihrabu hii nzuri iliyopo mbele yako ni ya sehemu ya kale, na nyuma yako utaona matao yanayoelekea sehemu iliyoongezwa karne ya 14." Hapa kuna amri mbili, pande mbili na habari mbili ndani ya sekunde kumi. Mtii atakuwa bado anageuka wakati sentensi imekwisha.

La pili: "Itazame mihrabu." Sekunde nne. "Waumini wa Kilwa waliielekea hii kabla sehemu ya pili haijajengwa." Sekunde tatu. "Sasa nifuate, tunakwenda upande wenye makuba." Maneno ni machache kuliko ya kwanza, lakini kila neno linamkuta mtu akiwa tayari. Kwa tukio la dakika moja, maneno 60 hadi 70 yanatosha. Msimulizi wa filamu ya kawaida aliyezoea kujaza kila sekunde huuona ukimya huo kuwa kasoro, na ni lazima azuiwe asiujaze.

Kumgeuza mtu bila kumwamuru

Mwongozaji aliyesema "nifuate" sasa anatembea. Anatoka upande wa mihrabu, anapitia mashariki, na kwenda kupotea katika matao ya kusini. Njia yake ni nusu duara kuizunguka kamera, kwa umbali wa mita tatu. Nusu duara hiyo ni kama mita tisa na nusu. Akienda polepole, kwa sekunde kumi na tatu hivi, mtazamaji atageuza kichwa nyuzi 14 kwa kila sekunde, mwendo ambao mtu aliyeketi katika kiti kinachozunguka huufuata bila taabu. Akienda kasi maradufu, wengi watampoteza katikati.

Mashariki anapita juu ya mshono. Kwa kuwa yupo mita tatu, mwili wake hautakatika. Angekata kona na kupita sentimita 70 kutoka kwenye kamera, tukio zima lingeharibika, na mpiga picha asingejua hadi arudi nyumbani. Kwa sababu hiyo mstari wa mita tatu hupimwa kwa kamba na kuwekewa vijiwe ambavyo mwongozaji huviona na mtazamaji havioni.

Linaloharibu zaidi ni kuizungusha kamera yenyewe. Mtengenezaji aliyezoea filamu za kawaida hupenda kuigeuza kamera ili "amwonyeshe" mtu upande wa kusini. Katika miwani, mtazamaji huona dunia nzima ikizunguka wakati masikio yake ya ndani yanamwambia ametulia. Matokeo yake ni kichefuchefu, wakati mwingine ndani ya dakika moja. Kamera husimama, kinachosogea ni mtu. Kama ni lazima kamera isogee, iende mbele kwa mwendo mmoja, bila kuyumba wala kugeuka.

Tukio la pili: mkato unaompoteza mtu

Mwongozaji ameingia katika matao ya kusini, na macho ya mtazamaji yapo huko. Sasa picha inakatwa, na tukio la pili linaanza ndani ya ukumbi wa nguzo. Hapa ndipo ziara nyingi huvunjika.

Kwa akili ya kawaida, mwongozaji aliyetoka kaskazini angeonekana akiingia ukumbini kutoka kaskazini. Lakini mtazamaji ametazama kusini. Picha itakapobadilika ataona nguzo tupu, na mwongozaji atakuwa akizungumza nyuma ya kisogo chake. Ataanza kumtafuta, na sekunde kumi za maelezo zitapotea.

Mhariri Jessica Brillhart, aliyekuwa akitengeneza filamu za aina hii katika kampuni ya Google, alieleza mbinu ya kuhariri inayohusu jambo hili hili. Anapokata picha hajiulizi kitu gani kipo katikati ya mstatili. Hujiuliza macho ya mtazamaji huenda yakawa yametazama wapi tukio la kwanza linapokwisha, kisha hulizungusha tufe la tukio la pili mpaka jambo la kuvutia liangukie pale pale.

Hesabu yake ni rahisi. Tuhesabu nyuzi kutoka katikati ya picha, kulia ziwe za kuongeza na kushoto za kupunguza. Tukio la kwanza likiisha mwongozaji akiwa nyuzi 40 kulia, na la pili likianza akiwa nyuzi 70 kushoto, tufe la pili huzungushwa nyuzi 110 kwenda kulia. Sasa yupo nyuzi 40 katika yote mawili, na shingo ya mtazamaji haikuhitaji kufanya lolote.

Hata hivyo, kwa msikiti wa Kilwa mbinu hiyo ina gharama. Tukilizungusha tukio la pili nyuzi 180 ili mwongozaji awe mbele, kibla nacho kitahamia upande wa pili. Mtazamaji aliyekwisha jenga ramani kichwani mwake, kwamba kibla ni kule na matao ni huku, ataikuta ramani imepinduliwa. Katika ziara ya soko jambo hili lingevumilika. Katika msikiti, ambao mpangilio wake wote umejengwa juu ya upande mmoja, ni kumpotosha mtu juu ya kitu alichokuja kukiona.

Dawa hupatikana siku ya kupiga picha, siyo siku ya kuhariri. Mwongozaji asiingie kutoka kaskazini. Tukio la pili lianze akiwa amekwisha pita mbele ya kamera na kusimama kusini-mashariki, ameegemea nguzo. Mtazamaji anayetazama kusini anamkuta nyuzi 40 hivi kando ya katikati ya macho yake, ukingoni mwa kipande anachokiona, na dira ya msikiti imebaki salama. Hii ndiyo sababu watengenezaji wazoefu huchora duara la kila tukio kabla ya safari, na kuweka alama mbili: macho yanaingilia wapi, na yanatokea wapi. Alama ya kutokea ya duara moja lazima ilingane na ya kuingilia ya duara linalofuata.

Kuba lipo juu, na shingo ina mpaka

Ukumbi huu una makuba, na mtu aliyekuja Kilwa bila kuyaona amekuja bure. Tatizo ni kwamba watazamaji wengi hutazama usawa wa macho, juu na chini kidogo tu. Kamera ikiwekwa chini ya kuba barabara, kuba litakuwa utosini, nyuzi 90 juu, na mtu aliyevaa miwani atalazimika kuvunja shingo. Anayetumia simu ataburura kidole mpaka picha igome.

Kamera isogezwe kando. Kuba likiwa mita tatu juu ya lenzi, na kamera ikiwa mita nne kando yake, macho yatapanda nyuzi 37 tu. Sehemu ya ndani ya kuba haitaonekana yote, lakini upande wa mbali utaonekana vizuri, na mtazamaji ataufikia bila taabu. Mwongozaji asimame chini ya kuba hilo, ainue mkono polepole na yeye mwenyewe atazame juu. Macho hufuata macho. Anyamaze sekunde sita, kisha ashushe mkono na kuanza kusema. Sauti yake ndiyo itakayomshusha mtazamaji kutoka darini.

Upo ugumu mwingine ambao picha ya kawaida huukwepa. Kamera hii hupima mwanga mmoja kwa mazingira yote. Saa sita za mchana, matao yanayotazama sehemu isiyo na paa yatakuwa meupe kabisa na makuba yatakuwa meusi, na hakuna pembe ya kukimbilia. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, tofauti hiyo hupungua.

Sauti inatoka wapi?

Katika ziara kama hii zipo sauti za aina mbili, na kuzichanganya ni kosa la kawaida. Sauti ya mwongozaji anayeonekana ni ya mahali: mtazamaji akigeuka, sauti lazima ibaki nguzoni alipo msemaji, isifuate kichwa. Sauti ya msimulizi asiyeonekana haina mahali: inapaswa kubaki sawa katika masikio yote mawili, mtazamaji ageuke vyovyote. YouTube, iliyoanza kupokea video za nyuzi 360 Machi 2015 na sauti zenye mwelekeo mwaka uliofuata, hupokea aina zote mbili pamoja: njia nne za sauti ya mzunguko, na njia mbili zaidi za sauti isiyozunguka.

Msimulizi akipewa mahali kwa makosa, mtazamaji humtafuta mtu asiyekuwepo. Mwongozaji akinyimwa mahali, mtazamaji hujua kuna mtu anasema lakini hajui ageukie wapi. Kosa la tatu hutokana na ile hesabu ya nyuzi 110: mhariri hulizungusha tufe la picha na kusahau tufe la sauti. Mwongozaji husema akiwa nguzoni, na sauti yake hutoka ukutani.

Kipimo cha makosa haya ni rahisi. Vaa visikilizio, fumba macho, na ugeuke mpaka udhani umemwelekea msemaji. Fumbua. Kama hayupo mbele yako, sauti imehama.

Sauti nayo ina udhaifu wake. Masikio ya binadamu hutambua kulia na kushoto kwa urahisi, lakini chanzo kilicho nyuma ya kisogo na kilicho mbele ya pua viko mbali sawa na masikio yote mawili, na mtu huweza kuvichanganya. Mwito unaotoka nyuma kabisa, basi, ni mwito dhaifu. Mwongozaji aanze kusema akiwa ubavuni mwa mtazamaji, kisha atembee kumpeleka nyuma. Aidha, anayesikiliza kwa spika ya simu hasikii mwelekeo wowote. Kwa ajili yake, mwito lazima uwe pia ndani ya maneno: "nipo upande wa kibla".

Wapita njia hawakuomba kupigwa picha

Kamera hii haina nyuma. Wafanyakazi hujificha nyuma ya nguzo au hutoka nje na kuiacha peke yake. Wasioweza kujificha ni wananchi. Kilwa Kisiwani kuna watu wanaoishi, na mama anayepita na ndoo yupo ndani ya picha sawa na mwongozaji. Katika filamu ya kawaida angeachwa nje ya fremu. Hapa ni lazima aulizwe kabla, au tukio lirudiwe, pamoja na kuomba ruhusa kwa wanaosimamia magofu.

Kumjaribia mtu asiyejua

Mtengenezaji hawezi kuijaribu ziara yake mwenyewe, kwa kuwa anajua tendo lipo wapi na shingo yake huenda huko yenyewe. Watafutwe watu watano ambao hawajawahi kuiona. Mmoja mmoja aketishwe katika kiti kinachozunguka, apewe miwani au simu, na asiambiwe lolote isipokuwa kwamba aseme akijihisi vibaya.

Mtu wa pembeni awe na karatasi yenye duara. Kila sekunde tano aweke alama: kichwa kimeelekea wapi. Baada ya video, mtazamaji aulizwe maswali matatu tu: sehemu ya kale ni ipi, makuba yapo upande gani, na mwongozaji alikuwa wapi ulipomwona mara ya mwisho.

Majibu hueleza kasoro yenyewe. Wakiwepo wawili au zaidi ambao hawakumwona mwongozaji akipita mashariki, mwito ulikuwa mfupi au mwendo ulikuwa wa kasi. Wakimwona lakini hawakumbuki alichosema, habari ilitamkwa wakati bado wanageuka. Wakisema kibla kipo kusini, mkato wa picha umeipindua ramani. Na alama zote za duara zikirundikana upande mmoja kwa dakika nzima, hawakupewa sababu ya kugeuka, na tukio hilo lingetosha kupigwa kwa kamera ya kawaida.

Atakuwepo pia yule mmoja ambaye muda wote alimtazama kunguru ukutani. Huyo asihesabiwe kuwa kasoro. Kwake yeye ndiyo maana jambo lisilotakiwa kukosekana, kama vile ipi ni sehemu ya kale na ipi iliongezwa, linawekwa mdomoni mwa mwongozaji wala halibaki kwenye picha peke yake. Amemkosa mtu, ameikosa mihrabu, lakini habari ameisikia.